SOMO: Spredi ya hatifungani za kampuni inakuambia nini, na inakudanganya wapi

Wakuu, leo tuangalie mtu anapoona hatifungani ya kampuni, yaani mkopo unaoipa kampuni ikulipe riba, inalipa 12% na ya serikali inalipa chini ya 10% akadhani kapata bonasi ya bure. Hiyo tofauti ndo spredi, ni malipo ya kubeba hatari kwamba kampuni inaweza kushindwa kulipa. Twende na mfano mmoja mpaka mwisho, namba ni za kufundishia tu.

Hatua ya 1: tafuta mavuno, yaani faida yako halisi kwa mwaka kwa bei uliyonunulia, achana na kuponi, yaani riba iliyoandikwa kwenye karatasi. Hatifungani ya kampuni imebakiza miaka 4 kuiva, kuponi ni 11% kwa mwaka, sokoni inauzwa 97 kwa kila 100. Ukiinunua kwa 97 unapata kuponi zako na mwisho unarudishiwa 100 kamili, kwahiyo mavuno mpaka kuiva ni karibu 12%. Wengi wanachukua ile 11% wanatoa ya serikali wanaondoka, hapo umeshakosea kabla hujaanza.

Hatua ya 2: linganisha na ya serikali yenye muda uleule uliobaki. Nasema ULIOBAKI, maana hatifungani iliyotolewa kwa miaka 10 ikabakiza 4 ni ya miaka 4 hiyo. Sasa serikali haina ya miaka 4 hapa, ina ya miaka 3 kwa 9.4% na ya miaka 5 kwa 9.8%, basi chukua katikati, 9.6%. Ukilinganisha na ya serikali ya miaka 15 utakuwa umechanganya bei ya muda na bei ya hatari, na hutajua ipi ni ipi.

Hatua ya 3: toa. 12 kutoa 9.6 ni 2.4%, yaani pointi 240, kwa sababu pointi 100 ni asilimia 1.

Hatua ya 4, hapa ndo penye utamu. Jiulize kampuni ikianguka nitaokoa kiasi gani. Kwa deni la kawaida lisilo na dhamana soko hupenda kukadiria 40, kwahiyo unapoteza 60 kwenye kila 100. Gawanya spredi kwa hasara hiyo:

```
2.4% / 0.60 = 4% kwa mwaka
```

Maana yake bei inasema kampuni ina uwezekano wa 4% wa kushindwa kulipa kila mwaka. Kwa miaka 4 nafasi ya kusalimika ni 0.96 × 0.96 × 0.96 × 0.96, inakuja kama 0.85, kwahiyo kwenye kampuni 100 za namna hii kama 15 zingeanguka kabla ya kuiva.

Ila usiichukue hiyo 15 kama utabiri. Rekodi za miaka mingi zinaonyesha kampuni zinazoanguka kweli huwa pungufu ya zile spredi inazodai, hasa zile zenye daraja zuri la uwezo wa kulipa madeni. Kilichobaki ni malipo ya vitu vingine: ukwasi mdogo (ukitaka kuuza leo mnunuzi hayupo), kodi kwenye nchi zinazotoza riba ya kampuni tofauti na ya serikali, na woga wa kwamba kampuni huanguka kwa pamoja uchumi ukiyumba. Desemba 2008 spredi za kampuni za Marekani zenye daraja la chini zilipita pointi 2,000, na sehemu kubwa ya hiyo ilikuwa woga na ukosefu wa wanunuzi.

MASWALI

Swali: Mkuu, spredi ikipanda nami nishanunua inanihusu nini, si nasubiri tu iive?
Jibu: Ukisubiri na kampuni ikalipa, haikugusi. Ukilazimika kuuza ndo utaisikia. Kwa hii yetu ya miaka 4, spredi ikipanda 1% bei inashuka kama 3, toka 97 mpaka 94 hivi, hata kama kampuni haijachelewesha kuponi hata moja.

Swali: Inawezekana kampuni ikawa na mavuno chini ya serikali?
Jibu: Inatokea lakini mara chache. Kwanza angalia bei, kama hatifungani haijauzwa miezi mingi ile bei ni ya zamani na spredi yako ni ya uongo. Pili, serikali nayo si lazima iwe salama kuliko kila mtu, shirika la S&P linalotoa madaraja liliishusha Marekani toka AAA, daraja la juu kabisa, mwaka 2011 huku Microsoft ikibaki AAA.

Swali: Nimepata mbili, daraja moja, miaka ileile, ila moja ina spredi zaidi kwa pointi 80. Nichukue hiyo?
Jibu: Soma waraka wa toleo kwanza kaka. Tazama kama kampuni ina haki ya kuinunua mapema, maana hapo wanakulipa zaidi kwa haki hiyo na riba zikishuka watakurudishia hela yako. Halafu angalia foleni ya kulipwa, kama deni lako liko nyuma ya mabenki ile 40 ya kuokoa inaweza kuwa 20, na ukigawanya kwa 0.80 badala ya 0.60 utaona hizo pointi 80 zimeenda wapi.