"Kontena limefikia wapi?": kumjibu bosi kwa sentensi tatu

Mwongozo huu ni wa anayefuatilia mzigo bandarini Dar es Salaam kwa niaba ya kampuni inayoagiza bidhaa nje. Wakala wa forodha yuko bandarini, wewe uko ofisini, na bosi ametuma ujumbe: "Lile kontena la vigae limefikia wapi?" Anayeuliza hivyo kwa kawaida anataka kujua mambo mawili: amwambie mteja nini, na kama kuna jambo linalomsubiri yeye mwenyewe. Sentensi tatu zinatosha kuyajibu yote mawili, ila zinahitaji maandalizi ya kama dakika kumi.

Tutumie kisa kimoja mwanzo hadi mwisho. Ni kontena la futi 20 la vigae kutoka China. Jumatatu kodi ililipwa. Jumanne afisa wa forodha alilifungua na kuhesabu katoni 980, wakati orodha ya mzigo inasema 950. Leo ni Jumatano tarehe 12, saa 3 na dakika 20 asubuhi, na swali la bosi limeingia.

Hatua ya 1: Hakikisha kabla ya kuandika

Usijibu kwa kumbukumbu ya jana. Mpigie wakala umuulize maswali matatu tu: hatua ya mwisho iliyokamilika ni ipi, umeiona kwenye mfumo wa forodha au umeambiwa, na sasa hivi faili liko kwa nani. Swali la pili ndilo linalookoa watu. Wakala akisema "wameshapitisha", mwombe picha ya ukurasa wa mfumo. Mara nyingi utakuta aliyepitisha ni afisa aliyekagua, na faili bado liko kwa mkubwa wake.

Bosi naye asiachwe kimya. Mwandikie: "Nimepata, naongea na wakala, nakujibu saa 4 kasoro robo." Kisha jibu muda huo huo, hata kama wakala hajapokea simu. Hapo useme ulichokiona mwenyewe, na kwamba hakijathibitishwa leo.

Hatua ya 2: Sentensi ya kwanza, mzigo umesimama wapi

Kontena hupita milango inayofuatana: kadhia, yaani tamko la mzigo kwa forodha, kusajiliwa, makadirio ya kodi kutoka, malipo kusomeka, ukaguzi kama mfumo umelielekeza huko, idhini ya forodha, hati ya kuachia mzigo kutoka kwa kampuni ya meli, malipo ya bandari, na mwisho geti. Baadhi ya hatua hizi zinaweza kwenda sambamba, hasa zile za kampuni ya meli. Sentensi yako itaje mlango wa mwisho uliopitwa na ule uliofungwa. Habari za nani alikwenda wapi na alikaa foleni saa ngapi hazimo.

Hapa lugha yetu ina mitego yake. Neno "limetoka" linaweza kumaanisha kontena limepewa idhini ya forodha, na pia kwamba limepita geti. Bosi akisoma "limetoka", ataita lori. Lori litafika, likute malipo ya bandari hayajafanyika, dereva alale hapo na gharama ya kusubiri iwe yenu. "Limefika" nalo halina tofauti: meli imefika nje ya bandari, imetia nanga gatini, au kontena limeshushwa? Taja kitu na mahali pake: "limeshushwa na liko yadi", "limepata idhini ya forodha, bado halijapita geti".

Kuwa makini pia na "kodi inalipwa". Msomaji mmoja ataelewa fedha ziko njiani, mwingine ataelewa hundi bado inasubiri saini. Ukisema "imelipwa" ilhali fedha zimetoka benki tu na mfumo wa forodha haujazisoma, umesema nusu ya kweli. Zikisomeka ndipo faili linasogea. Kwa hiyo: "imelipwa na imesomeka".

Kwa kisa chetu sentensi ni hii:

> Kontena la vigae bado liko bandarini: kodi imelipwa na imesomeka tangu Jumatatu, ila ukaguzi wa jana umekuta katoni 980 badala ya 950 zilizoandikwa, kwa hiyo idhini ya forodha haijatoka.

Habari mbaya imewekwa humo humo. Ukiisogeza hadi sentensi ya tatu, bosi anayesoma juu juu akiwa kwenye kikao ataondoka na "kodi imelipwa" peke yake, amwambie mteja mambo ni shwari.

Hatua ya 3: Sentensi ya pili, liko mkononi mwa nani na kuchelewa kunagharimu nini

Hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo watu huiruka kwa kuandika "tunafuatilia" au "linashughulikiwa". Kitenzi cha kutendwa kinamficha mtendaji. Linashughulikiwa na nani? Ukishindwa kumtaja, hujui, na hapo rudi hatua ya 1.

Katika kisa chetu ni rahisi kuandika "tunasubiri forodha". Si kweli. Forodha ndio wanaotusubiri sisi. Afisa ameshaandika tofauti ya katoni 30 na anataka maelezo. Wauzaji wa vigae huwa wanaongeza katoni chache za kufidia zitakazovunjika njiani, bila kuzitaja kwenye ankara kwa sababu hawakuzitoza. Lakini kwa forodha, kitu kisicholipiwa muuzaji bado ni bidhaa iliyoingia nchini na kina thamani ya kutozwa kodi. Bila barua ya muuzaji na orodha iliyosahihishwa, faili halisogei hata wakala akishinda dirishani wiki nzima. Hayo yote ni ya wewe kuyajua. Bosi anahitaji jina la mwenye zamu na kinachodaiwa.

Baada ya mkono, taja saa inayokimbia. Kontena lina hesabu mbili na watu huzichanganya. Moja ni ya kampuni ya meli, wenye lile sanduku la chuma, wanaotoza dimareji siku za bure zikiisha. Nyingine ni ya bandari, wanaotoza kwa kuhifadhi mzigo kwenye eneo lao. Hesabu hizi hazianzi wala kuisha pamoja, na viwango vyake ni tofauti. Kwenye sentensi weka ile inayoisha kwanza, kwa tarehe na kiasi cha siku moja. Tuseme siku za bure za meli ndizo zinazotangulia kuisha, Jumamosi, na mkataba wenu unasema dola 40 kwa siku:

> Forodha wanasubiri kutoka kwetu barua ya muuzaji kuhusu katoni 30 za ziada pamoja na orodha ya mzigo iliyosahihishwa, na siku za bure za kontena zinaisha Jumamosi tarehe 15, na kuanzia Jumapili dimareji ni dola 40 kwa siku.

Usipige hesabu ya jumla ya hasara hapa. Hujui zitakuwa siku ngapi, na namba kubwa ya kubuni itamfanya bosi agombane nawe juu ya namba badala ya kumpigia muuzaji.

Hatua ya 4: Sentensi ya tatu, nani afanye nini na lini utarudi na habari

Kama kuna jambo la bosi, liombe kwa kitenzi na saa. Muuzaji anamjua bosi, siyo wewe, basi simu hiyo ni yake. China iko saa tano mbele yetu: saa 4 asubuhi Dar es Salaam, kule ni saa 9 alasiri. Ombi likichelewa hadi mchana, atakuta ofisi zinafungwa na siku moja kati ya tatu zilizobaki imekwenda.

> Naomba umpigie muuzaji kabla ya saa 6 mchana leo, kwao ofisi zinakaribia kufungwa; barua ikifika leo naikabidhi kwa wakala kesho saa 2 asubuhi, na kesho saa 9 alasiri nitakuambia kama makadirio ya kodi ya ziada yametoka.

Angalia ahadi ilivyofungwa. Haijasemwa kwamba kontena litatoka kesho, maana hilo lina watu wengine wanne kati yake na wewe. Kilichoahidiwa ni kinachowezekana kwa mikono yako: kukabidhi barua na kuleta taarifa. "Kesho" peke yake ni pana mno. Na saa andika na sehemu ya siku, "saa 4 asubuhi" au "saa 10 jioni", kwa sababu simu zetu zinaonyesha 10:00 na kuna wanaosoma hiyo kama saa kumi.

Kama hakuna cha bosi kufanya, liseme hilo waziwazi: "Kwa sasa hakuna la kufanya upande wako." Bila maneno hayo atakupigia kuuliza.

Hatua ya 5: Pitia kabla ya kutuma

Isome kama ambaye hajaona faili. Futa "karibu", "muda wowote" na "asilimia tisini". Kontena lililopita milango saba kati ya minane bado haliwezi kupakiwa kwenye lori. Namba ya kadhia na ya kontena ziweke mstari wa chini, nje ya sentensi tatu, ili bosi aweze kuzinakili. Salamu nayo haihesabiwi, ila iandike kwenye ujumbe huo huo. Kutuma "Shikamoo bosi" kisha kungoja "marahaba" ndipo utoe habari ni kumfanya afungue simu mara mbili.

Kosa likiwa lenu, kwa mfano kuna mtu ofisini alijua muuzaji ameongeza katoni na hakumwambia wakala, bado sentensi zinabaki tatu. Ongeza maneno machache kwenye ya kwanza: "hatukumjulisha wakala mapema". Maelezo ya ilikuwaje yana kikao chake. Kulificha ni hatari, kwa sababu muuzaji atalitaja kwenye simu ile ile uliyomwomba bosi apige.

Akiuliza tena

Alhamisi saa 5 asubuhi anaweza kuuliza tena. Usitume ujumbe wa jana ukiwa umebadilishwa tarehe. Anza na kilichobadilika: "Barua imepokelewa na forodha leo saa 3 asubuhi." Kama hakuna kilichosogea, sentensi ya kwanza iwe hiyo hiyo: "Tangu jana mchana hakuna kilichobadilika, muuzaji hajatuma barua." Kisha ya pili ipunguze siku: jana zilikuwa tatu, leo zimebaki mbili. Ya tatu ije na njia nyingine, mfano kumwomba wakala aulizie kwa afisa kama nakala ya barua kwa barua pepe itakubalika wakati ya asili iko njiani, na kuiandikia kampuni ya meli kuomba nyongeza ya siku za bure. Ombi hilo la pili liende kabla ya Jumamosi, kwa kuwa siku zikishaisha utakuwa unaomba kupunguziwa deni, na hilo ni zito zaidi kukubaliwa.