SOMO: Kuuza koli juu ya bitikoini unayoihodhi, na hesabu ya sarafu unazoachia

Wakuu, somo hili ni la mwenye bitikoini anayekusudia kukaa nayo miaka na anataka imwingizie kitu wakati imetulia. Unauza opsheni ya koli: mnunuzi anakulipa leo, nawe unamwachia faida yote itakayopatikana juu ya bei mliyokubaliana, yaani straiki. Wengi hupima wanachoachia kwa dola peke yake. Wewe unayehodhi kipime kwa sarafu pia, kwa sababu huko ndiko kunakouma.

Mfano wangu ni opsheni za soko la mtandaoni la Deribit zinazolipwa kwa bitikoini yenyewe. Mkataba mmoja ni BTC 1, na unaweza kuuza kuanzia 0.1.

Hatua ya 1. Amua ni sehemu gani ya sarafu zako uko tayari kuiona ikipungua. Usiuze koli kuzidi sarafu zilizomo kwenye akaunti, maana kinachozidi hakina cha kukifunika.

Hatua ya 2. Chagua muda na straiki. Tuseme una BTC 1 na unauza mkataba mmoja: bei ni dola 100,000, muda siku 30, straiki 115,000, na unalipwa BTC 0.015, sawa na dola 1,500. Angalia delta kwenye skrini. Ikiwa karibu 0.19, kwa makadirio ya haraka soko linaona nafasi isiyofika moja kati ya tano kwamba bei itamalizia juu ya straiki.

Hatua ya 3. Piga hesabu kabla ya kuuza. S ni bei ya siku ya mwisho, K ni straiki, na S isipozidi K hulipi kitu:

```
BTC unayolipa = (S - K) / S
```

Bei ikiishia 80,000, unabaki na 1.015 BTC. Thamani yake ni 81,200, kwa hiyo malipo yale yamepunguza maumivu kidogo tu. Hayakukukinga na anguko. Ikiishia karibu 116,750, unachopokea na unachotoa vinalingana.

Sasa iishie 150,000. Unalipa 35,000/150,000, yaani 0.2333 BTC, unabaki na 0.7817. Kwa dola ni kama 117,250, na umeachia takribani 32,750. Mtu atasema, "Si bado nimepata faida?" Ndiyo, kwa siku ile. Lakini wewe huuzi, unaendelea kuhodhi. Bei ikirudi 100,000, aliyetulia ana sarafu yake 1 kamili, wewe una sarafu za dola 78,170. Bei imerudi ilipoanzia na zaidi ya moja ya tano ya akiba yako imeondoka. Kuirudisha kwa malipo ya 1.5% kwa mwezi kunadai zaidi ya miezi 16 mfululizo bila kupitwa hata mara moja.

Hatua ya 4. Ukiridhika, weka oda kwa bei unayoitaka wewe, katikati ya bei ya wanunuzi na ya wauzaji. Straiki za mbali huwa na pengo pana, na anayeuza kwa bei yoyote ya soko huacha sehemu ya malipo yake hapo.

MASWALI

Swali: Mkuu, bei ikipita straiki katikati ya mwezi, ndiyo nimeshaliwa?

Jibu: Hapana. Opsheni hizi ni za mtindo wa Ulaya, hesabu hufungwa siku ya mwisho saa 2:00 asubuhi kwa saa za UTC, kwa wastani wa dakika 30 za mwisho. Ila ukitaka kutoka mapema utalipia. Bei ikifika 115,000 zikiwa zimebaki siku 15, koli uliyouza kwa 0.015 inaweza kudai kama 0.04 kuinunua tena, mtikisiko wa soko ukiwa uleule.

Swali: Basi nikiinunua na kuuza nyingine ya mwezi ujao, straiki 130,000?

Jibu: Hapo unapata nafasi zaidi ya kupanda, lakini ile 0.04 imetoka kweli. Ukiuza mpya kwa 0.018, jumla uko chini kwa 0.007, na juu ya 130,000 unaanza kuachia upya. Soko likipanda miezi mitatu mfululizo, kila hamisho linaweza kukula sarafu.

Swali: Mimi 115,000 ndiyo bei niliyopanga kuuzia. Inanifaa?

Jibu: Wewe inakufaa kuliko sisi wengine. Jambo moja tu: mkataba unakata tofauti ya bei, haukuuzii sarafu. Sarafu zinazobaki, kama ile 0.7817 ya mfano wa 150,000, ziuze mwenyewe mara tu hesabu inapofungwa, la sivyo bei ikishuka thamani yake nayo inashuka.