Gabioni: kuhesabu vikapu na mawe bila kuishiwa katikati ya kazi

Mzee mmoja wa Lushoto alinipigia simu mwezi wa pili, masika ikinukia. "Fundi, mawe yameisha na pesa ya mawe imeisha." Nikamuuliza yameishia wapi. "Safu ya chini imejaa. Ya pili ndiyo tumeanza, kikapu cha kwanza hakijafika hata nusu." Nilijua kosa liko wapi kabla sijapanda bodaboda, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii lilinitafuna mimi pia.

Ukuta wenyewe ni wa gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, na unashika ukingo wa korongo lililokuwa linakula njia ya kwenda nyumbani kwake. Urefu ni mita 13, kimo mita 3, na nusu mita ya chini imefukiwa ardhini. Nitautumia huo huo kama mfano mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 1: Chora ukuta kwa safu

Chukua karatasi, chora ukuta ukiutazama kwa ubavu, kama mkate uliokatwa. Kwa kimo cha mita 3, upana wa chini usipungue sana theluthi mbili za kimo, ndiyo maana tuliweka mita 2. Safu ya kati ikawa mita 1.5 na ya juu mita 1. Upande wa udongo umenyooka, ngazi zinaonekana mbele. Ukuta mzima umelalia udongo kidogo, sentimita 10 kwa kila mita ya kimo.

Ukizidi mita 3, au kama juu ya ukingo kuna nyumba au barabara ya magari mazito, acha mwongozo huu na umtafute mhandisi.

Hatua ya 2: Hesabu vikapu safu kwa safu

Watu hupiga ujazo wa ukuta mzima kisha wanagawa kwa ujazo wa kikapu kimoja. Kwa ukuta huu ujazo ni mita za ujazo 58.5, kikapu cha 2×1×1 ni 2, unapata 29 na robo, unaagiza 30. Halafu unafika juu vikapu vimekwisha na ukuta haujafika mwisho. Kikapu si mchanga, hakigawanyiki unavyotaka.

Hesabu sahihi ni hii. Safu ya chini, vikapu vya 2×1×1 vimelazwa kichwa mbele, yaani ule urefu wa mita 2 unaingia ndani kuelekea udongo. Kila kikapu kinachukua mita 1 ya ukuta, kwa hiyo ni 13. Safu ya kati, vikapu vya 1.5×1×1, navyo kichwa mbele, 13 tena. Safu ya juu vimelala kwa urefu wa ukuta, kila kimoja mita 2. Kumi na tatu kwa mbili ni sita na nusu, kwa hiyo unanunua 7, na cha saba unakikata kando ya kile kizuizi cha waya cha katikati ili kibaki cha mita 1. Jumla: vikapu 20 vya mita 2 na vikapu 13 vya mita 1.5. Ni 33, si 30.

Duka likikosa vya 1.5, nunua vya mita 2 kwa safu ya kati pia na ukubali mita za ujazo 6.5 zaidi za kujaza mawe. Usikunje cha mita 2 kiwe 1.5. Nimewaona mafundi wakifanya hivyo: kona inakaa vibaya, haishoneki vizuri, na hapo ndipo kikapu hufumuka.

Kuhusu waya wa kushonea, nunua waya wa mabati wa milimita 2.2 unaouzwa pamoja na vikapu. Kila mita ya mshono hula kama mita moja na nusu ya waya. Waya wa kufungia nondo usiulete kwenye kazi yangu. Ni laini, ni rahisi, na unaoza kwa kutu wakati kikapu chenyewe bado kizima.

Hatua ya 3: Mawe, na ile asilimia 35 ya hewa

Hapa ndipo pesa ya mzee ilipotelea. Kijana aliyempigia hesabu alikuwa amesoma kwamba gabioni iliyojazwa vizuri ina asilimia 35 ya hewa katikati ya mawe. Ni kweli. Akazidisha 58.5 kwa 0.65, akapata 38, akaagiza mita za ujazo 38.

Kosa ni kwamba 38 ni ujazo wa jiwe lenyewe, kama ungeliyeyusha likawa tofali moja kubwa lisilo na pengo. Hakuna anayekuuzia jiwe la namna hiyo. Lori nalo limebeba mawe na hewa. Tena lina hewa nyingi kuliko kikapu, kwa sababu kwenye lori mawe yametupwa tu, na kwenye kikapu unayapanga kwa mkono. Yakitupwa, hewa ni kama asilimia 45. Yakipangwa, ni 35. Kwa hiyo mita moja ya ujazo ya lori ukishaipanga haijazi mita moja ya kikapu, inapungua. Badala ya kuzidisha kwa 0.65 unatakiwa ugawanye 0.65 ya kikapu kwa 0.55 ya lori, na uzidishe kwa jibu lake, karibu 1.2.

Juu ya hapo weka asilimia 5. Hiyo inameza mawe utakayoyakataa, na zile sentimita 3 unazopandisha juu ya ukingo wa kikapu kabla ya kufunga mfuniko, maana mawe yatashuka yakikaa.

```
V     = urefu × upana × kimo   (kila safu, kisha jumlisha)
Mawe  = V × 1.2 × 1.05
Tripu = Mawe ÷ ujazo halisi wa lori
```

Kwa mzee: safu ya chini 26, ya kati 19.5, ya juu 13, jumla 58.5. Mawe ni 58.5 × 1.2 × 1.05, karibu 74. Yeye aliagiza 38, nusu ya alichohitaji.

Hiyo 1.2 ni ya mawe ya machimbo yenye kona, ya sentimita 10 hadi 20. Matundu ya wavu ni sentimita 8 kwa 10, kwa hiyo jiwe la chini ya 10 litachungulia nje kisha litoke. Ukiletewa mapande ya sentimita 30 na 40, hewa kwenye lori inazidi na hesabu inaharibika, halafu utalipa vibarua kuyavunja kwa nyundo. Gonga machache kabla ya kukubali mzigo: jiwe zuri linalia, lililooza linatoa sauti butu na kumeguka. Ya mtoni usiyafuate hata kama ni ya bure. Yanateleza yakipangwa, na sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Kama machimbo yana mizani, nunua kwa uzito na uache habari ya tripu kabisa. Hapo ndipo 0.65 inafanya kazi yake halali: 58.5 × 0.65 × 2.65, hiyo 2.65 ikiwa ni tani za mita moja ya ujazo ya jiwe gumu. Unapata tani 101, ukiongeza asilimia 5 ni 106. Kwa haraka kichwani, tani 1.7 kwa kila mita ya ujazo ya kikapu. Uzito haujali mawe yametupwa au yamepangwa, na dereva hana la kubishana.

Hatua ya 4: Pima lori kwa futi yako mwenyewe

Mzee aliambiwa lori linabeba mita 5 za ujazo, akalipia tripu 8. Nilipolikuta lile lile nilipanda na futi. Bodi: urefu mita 3.6, upana 2.1. Mawe yalikuwa yamejaa katikati na kushuka kwenye kona. Nilipoyasawazisha kwa macho, kina kilikuwa sentimita 55.

3.6 × 2.1 × 0.55 ni 4.16. Tripu 8 zikawa 33, si 40. Makosa mawili yalikuwa yamekaa mgongoni mwa mwenzake, na ukigawa 33 kwa 1.2 kisha kwa 1.05 unapata 26 na kidogo ya kikapu, pale pale alipokuwa amekwama: safu ya chini na kajipande ka kikapu kimoja. Kwa ukuta mzima, 74 gawanya kwa 4.16, tripu 18. Zilibaki 10.

Pima kina sehemu tano: kona nne na katikati, kisha chukua wastani. Dereva atakwambia unamchelewesha. Lori likishamwaga, tazama kilichokuwa sakafuni mwa bodi, maana udongo na vijiwe hupakiwa chini ili visionekane.

Hatua ya 5: Tripu ya kwanza ndiyo mizani yako

Usiagize zote 10 kwa mkupuo. Mwaga ya kwanza peke yake, mbali na lundo jingine, na uijaze yote kwenye vikapu kabla ya kupiga simu ya pili. Ile ya mzee ilijaza vikapu viwili vya 1.5 na karibu theluthi ya cha tatu, yaani mita za ujazo 3.45. Gawanya 4.16 kwa 3.45, ni 1.2. Ingekuja 1.3 ningeongeza tripu papo hapo, wakati barabara bado kavu, maana mvua zikishaanza lori halipandi kule.

Hatua ya 6: Kujaza

Jaza hadi sentimita 30, funga waya za kuvuta kutoka uso wa mbele hadi wa nyuma, jaza hadi 60, funga tena, kisha malizia. Usijaze kikapu kimoja hadi juu jirani yake akiwa mtupu, wavu wa kati utapinda. Ukiruka zile waya, tumbo linatoka mbele, na tumbo hilo linakula mawe ambayo hukuyahesabu. Mawe mazuri yenye uso bapa weka mbele, mabaya kidogo katikati. Nyuma tandika jiotekstaili, kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo, kabla ya kurudisha udongo, la sivyo udongo utapita kwenye mawe na korongo litaendelea kuchimba kimyakimya nyuma ya ukuta mzima.

Kwa mzee tulifunga mfuniko wa mwisho kabla masika haijakolea. Lori la kumi na nane liliacha kilundo kama cha mita moja ya ujazo. Tulikimwaga pale mwisho wa ukuta, maji ya njia yanapoangukia.