Chumba cha jenereta ya kVA 500: hewa, moshi na dizeli, hatua kwa hatua

Chumba cha jenereta mara nyingi hupangwa mwishoni, ramani ikishakamilika na kona moja ya nyuma ikiwa imebaki. Halafu mashine ikizimika kwa joto, lawama zinaangukia injini. Niliwahi kuitwa kwenye jengo moja la ofisi ambako jenereta mpya ilizima kila ilipofikisha dakika 40. Mafundi walikuwa wamebadilisha thamostati mara mbili. Nilipouvuta mlango wa chumba, ukagoma kama umeshikwa na mtu upande wa pili. Mashine ilikuwa inakosa hewa.

Hapa nitatumia mfano wa jengo la biashara la ghorofa tano Dar es Salaam, lenye jenereta ya kVA 500 (kW 400) kwenye kibanda cha nyuma. Takwimu za mashine nilizotumia zinafaa kwa ukubwa huo, lakini zako zitoe kwenye jedwali la mtengenezaji wako.

Hatua ya 1: Andika namba tano kabla ya kuchora

Unahitaji hewa ya feni ya rejeta (hapa mita za ujazo 10 kwa sekunde), hewa ya kuchomea mafuta (0.5 kwa sekunde), joto ambalo mashine inalimwaga chumbani (kW 45), moshi unaotoka (mita za ujazo 85 kwa dakika, nyuzi 520) na mafuta inayokula. Kwa robo tatu ya mzigo, mashine hii hunywa kama lita 80 kwa saa.

Linganisha namba mbili za kwanza. Wengi hupima tundu la hewa kwa kufikiria hewa ya kuchomea tu, kumbe rejeta inataka mara ishirini ya hiyo. Injini na feni vinagombea hewa ile ile, na tundu likiwa dogo vyote viwili vinaumia: injini inatoa moshi mweusi na rejeta inachemka.

Hatua ya 2: Fungua ukuta wa kutosha

Hewa ipite kwenye luva kwa mwendo wa takriban mita 2.5 kwa sekunde. Ikienda kasi zaidi inavuta mvua na vumbi ndani, na feni inaanza kuhangaika. Gawa 10 kwa 2.5, upate mita za mraba 4 za uwazi halisi. Neno la kushika ni *halisi*: luva nyingi za bati huziba karibu nusu ya tundu, kwa hiyo ukutani kata mita za mraba 8, tuseme madirisha mawili ya mita 2 kwa 2.

Hewa iingie upande wa altaneta, ipite juu ya injini, itokee kwenye rejeta. Kati ya rejeta na ukuta weka mfereji wa bati ulioungwa kwa turubai, ili mtikisiko usipasue bati na hewa moto isirudi ndani. Luva ya kutokea iwe na uwazi halisi wa angalau mara moja na robo ya uso wa rejeta.

Sasa hakiki joto la chumba. kW 45 zikibebwa na mita za ujazo 10 kwa sekunde zinapandisha hewa kama nyuzi 4 tu. Nje kukiwa na nyuzi 35, rejeta inapokea 39, na hiyo inavumilika. Hesabu hii inaharibika hewa moto ya kutokea ikizunguka na kuingia tena. Pwani yetu ina upepo wa kaskazi na wa kusi, kwa hiyo usielekeze tundu la kutokea usoni mwa upepo unaovuma kwa miezi mingi. Kwa Dar, kusi ndiyo ya kuogopa zaidi. Kuingilia na kutokea kuwe kuta tofauti.

Hatua ya 3: Pima bomba la moshi kabla ya kulinunua

Bomba jembamba linarudisha mgandamizo kwenye injini, tabo inapata moto na nguvu inapungua. Fomula ni hii, P ikiwa kPa, L mita, Q mita za ujazo kwa dakika, D milimita:

```
S = 352.5 / (T + 273)
P = L × S × Q² × 3.6 × 10^6 / D^5 + Ps
```

S ni uzito wa moshi kwa mita moja ya ujazo, T ni joto lake, na Ps ni mgandamizo wa sailensa, hapa kPa 2.5. Kila kiwiko kifupi hesabu kama bomba la urefu wa mara 33 ya kipenyo chake.

Bomba letu lina mita 24 na viwiko vinne. Kwa kipenyo cha milimita 150 jibu ni kama kPa 9.2, na kikomo cha mashine hii ni 6.7. Kwa milimita 200 linashuka hadi 4.3. Kipenyo kiko kwenye nguvu ya tano, ndiyo maana kukiongeza kidogo kunaokoa sana kuliko kufuta kiwiko kimoja.

Chuma pia kinarefuka. Mita 18 za wima, kutoka baridi hadi nyuzi 520, zinaongezeka karibu sentimita 10. Uzito wote uning'inie kwenye paa au ukuta, kamwe usiikalie tabo. Kiungo laini cha injini ni cha kumeza mtikisiko tu. Funga bomba kwa pamba ya mwamba ndani ya chumba, weka kivuko chenye nafasi pale linapopenya ukuta, na bomba la kumwagia maji chini kabisa. Mdomo wa juu uwe mbali na madirisha na matundu ya kiyoyozi.

Hatua ya 4: Tangi la siku

Lita 500 zinatupa kama saa sita na robo. Mafuta yakijaa yasizidi kimo cha injekta. Tangi likiwa juu zaidi, mashine ikilala dizeli inaweza kupenyeza ndani ya silinda. Dalili ni oili kuongezeka kwenye kijiti na kunuka dizeli.

Kila tangi likae kwenye beseni la zege la kupokea asilimia 110 ya ujazo wake: hapa mita 1.5 kwa 1 kwa kina cha sentimita 40. Bomba la kufurikia liwe nene kuliko la kujazia, na la kupumulia litoke nje. Usitumie mabomba ya mabati yenye zinki, dizeli inaishambulia zinki na uchafu wake unaziba injekta. Tumia chuma cheusi. Pampu ya kujazia ipate umeme wa jenereta yenyewe, na pembeni kuwe na pampu ya mkono.

Hatua ya 5: Tangi kubwa la nje

Saa 48 ni lita 3,840, hivyo nunua la 5,000. Liinamishe kidogo upande mmoja wenye koki ya kumwagia maji, maana unyevu wa pwani hugeuka maji chini ya tangi na kuzaa utando wa vijidudu. Uvutaji uanzie sentimita chache juu ya sakafu ya tangi. Kama tangi kubwa liko juu kuliko la siku, weka vali ya umeme inayofunga pampu ikizima. Bila hiyo dizeli itaendelea kushuka yenyewe hadi ifurike. Michoro ipite Zimamoto kabla ya kumwaga zege.

Hatua ya 6: Jaribu kwa mzigo

Iwashe kwa mzigo mkubwa kwa saa mbili, milango imefungwa. Pima joto la hewa inayoingia kwenye rejeta na lile la nje kivulini. Tofauti ikiwa nyuzi 4 au 5, hesabu imekubali. Ikipita 10, funga utepe mwembamba kwenye luva ya kuingilia na uangalie hewa inakotoka. Kisha ufungue mlango: joto likishuka ndani ya dakika chache, tundu ni dogo. Kwenye lile jengo la dakika 40 lilishuka, na tulipanua ukuta wiki hiyo hiyo.