Vibarua wa msimu: andikisha kwanza, ndoo baadaye

Kila msimu wa mavuno ya kahawa nakuta jambo lilelile. Matunda yameiva kwa pamoja, mkulima ameshtuka, mnyapara katumwa usiku atafute watu, na alfajiri wamefika kundi zima. Wanagawiwa ndoo na kuonyeshwa mistari, na daftari linabaki mezani. Ukiuliza unajibiwa, “Tutaandikana jioni, sasa hivi kahawa inaharibika.” Jioni ikifika watu wamechoka, kiza kimeingia, na kinachoandikwa ni majina ya kukisia. Makala hii inahusu kosa hilo. Namna ya kuchuma mnaijua, na sina haja ya kuirudia.

Hoja ya haraka naielewa. Tunda likishaiva vizuri halikungojei. Likipitiliza hukaukia mtini au huanguka, na likishachumwa linatakiwa limenywe siku hiyohiyo lisianze kuchacha kwenye gunia. Lakini haraka hiyo ni ya kuchuma, haina uhusiano na kuandikisha. Tufanye hesabu tuone.

Tuseme mchumo huu una kilo 6,000 za matunda mekundu na unataka kuumaliza kwa siku 5. Hizo ni kilo 1,200 kwa siku. Mchumaji wa kawaida katika shamba lako anafikisha kilo 40, kwa hiyo unahitaji watu 30. Ongeza mmoja kwa kila kumi kwa ajili ya watakaougua au wasiofika, wawe 33. Kabla hujawaita, hakikisha mashine yako inaweza kumenya kilo 1,200 kwa siku. Kama haiwezi, punguza watu na uongeze siku. Kuandikisha mtu mmoja kwa utulivu huchukua kama dakika 4, hivyo watu 33 ni dakika 132. Ukiweka meza mbili, saa moja na kidogo inatosha. Saa hiyo ukiitafuta alfajiri ya mavuno hutaipata. Alasiri ya siku mbili kabla ipo, ila hukuipangia kazi. Tafadhali msiniambie tena kuwa hakuna muda.

Basi panga hivi. Siku 10 kabla, pita shambani ukadirie kilo zitakazokuwa tayari. Siku 7 kabla, tangaza: kazi gani, siku ngapi, saa za kuanza na kumaliza, ujira kwa kilo, na kwamba mtu hatozwi chochote ili apate nafasi. Tangazo lisipite kwa mnyapara peke yake. Akiwa yeye ndiye mlango pekee, nafasi zinaishia kwa ndugu zake na kwa wanaomtoa “chai”, na mchumaji mzuri asiye na jamaa anabaki nje. Waliofanya kazi vizuri msimu uliopita waite kwanza kwa majina kutoka kwenye daftari lako, kisha wengine kwa mpangilio wa kufika mezani. Waulize wote maswali yaleyale. Kumwuliza mwanamke kama ana mimba au anatarajia kuolewa si swali la mezani, na wala halikupunguzii kazi.

Siku 2 kabla, alasiri, weka meza. Mbele ya kila mtu andika jina lake kamili, namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, mtu wa kupigiwa simu akipata ajali, na ujira mliokubaliana. Kitambulisho kiangalie, nakili namba, kirudishe mkononi mwake papo hapo. Wapo wanaovikusanya na kuvifungia kabatini “ili wasitoroke”. Acheni kabisa. Kumshikia mtu nyaraka zake ni mojawapo ya dalili ambazo Shirika la Kazi Duniani hutazama linapochunguza kazi ya kulazimishwa, na mkaguzi akikuta rundo hilo hatakuuliza nia yako ilikuwa nini.

Umri ndio unaorukwa zaidi. Ukiuliza “Una miaka mingapi?” kila mtu atakujibu 18. Uliza mwaka wa kuzaliwa, kisha baadaye kidogo uliza alimaliza darasa la mwisho mwaka gani, uone kama miaka inakubaliana. Asiye na kitambulisho alete cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Mashaka yakibaki, mhesabu kuwa ni mtoto. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 15, na unaruhusu baadhi ya nchi kuanzia 14. Kazi ya hatari ni miaka 18. Shambani kwako hiyo ina maana aliye chini ya miaka 18 hashiki bomba la dawa, habebi magunia, wala hapandi ngazi. Sheria ya nchi yako ikiwa kali zaidi, fuata hiyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hawalioni kabisa, na ndilo linalofichuliwa na daftari la siku ya kwanza. Pitisha kidole kwenye safu ya kilo. Watu wengi wana 36, 41, 44. Halafu unakutana na mwanamume mmoja mwenye 112. Usimpongeze kwanza. Nenda kwenye mstari wake. Mara nyingi utamkuta mkewe anachuma upande wa pili na watoto wawili wanaokota chini, na kilo zote zimeandikwa kwa jina la baba. Mke amefanya kazi siku nzima bila jina, bila ujira wa mkononi mwake, na akianguka hakuna rekodi kwamba alikuwepo. Watoto nao wako kazini, na wewe ndiye mwajiri wao, ujue usijue. Hali hii haiji kwa bahati mbaya, inaletwa na kugawa ndoo kabla ya kuandika. Sheria ya shamba iwe moja: mwenye ndoo ana jina, na mwenye jina analipwa mwenyewe. Mke aandikwe kwa jina lake, kwa ujira uleule wa kilo. Watoto wasiingie kwenye mistari; kama wazazi hawana pa kuwaacha, tenga kivuli na mtu mzima mmoja wa kuwaangalia, umlipe ujira wa siku.

Ujira kwa kilo nao haukadiriwi barazani. Siku 8 kabla, yaani kabla ya kutangaza, chukua wachumaji 4 wa kasi ya kawaida wachume kwa saa 2, uwalipe, upime. Tuseme wastani umekuja kilo 10 kwa mtu, yaani kilo 5 kwa saa, kilo 40 kwa saa 8. Chukulia kima cha chini cha siku kisheria ni 9,600 (tarakimu ya mfano tu). Gawa kwa 40, unapata 240 kwa kilo. Huko ndiko kuanzia, na kupanda juu unaruhusiwa. Mkulima mjanja hupima kwa bingwa wake anayefikisha kilo 60, akapata 160 kwa kilo. Kwa ujira huo mtu wa kawaida anaondoka na 6,400, theluthi nzima chini ya kima. Siku ya tatu anahamia kwa jirani, na wewe unabaki na nusu ya watu huku matunda yakikaukia mtini. Rudia jaribio kila mchumo, kwa sababu mchumo wa mwanzo na wa mwisho matunda ni machache na kilo huja polepole. Na aliyefanya kazi saa zote bila kufikia kima, mjazie.

Mizani. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Ndoo tupu ipimwe mbele ya wachumaji kila asubuhi, na uzito wake uandikwe ubaoni. Nimekuta ndoo ya kilo 0.6 inakatwa kilo 1 “kwa kurahisisha hesabu”. Hizo gramu 400 kwa mtu anayepima mara 5 kwa siku ni kilo 2. Kwa watu 33 ni kilo 66, na kwa siku 5 ni kilo 330. Ni zaidi ya siku 8 za kazi ya mtu mmoja ulizochukua bila kulipa, halafu unashangaa kwa nini wanaweka matunda mabichi na mawe chini ya ndoo. Kila mchumaji awe na kikaratasi chake: kila anapopima, kilo ziandikwe pale na daftarini kwa wakati mmoja, naye aone tarakimu kwenye mizani. Matunda mabichi yakikataliwa, yakataliwe hapo hapo mezani, ayaone na apewe nafasi ya kuyachambua. Makato ya jioni ambayo mtu hakuyaona ndiyo yanayoleta ugomvi siku ya malipo.

Asubuhi ya kwanza, kabla ya mstari wowote, toa dakika 15 za kuonyesha tunda lililoiva na lisiloiva, maji ya kunywa na choo vilipo, na vitalu visivyoingiwa. Kitalu kilichopuliziwa dawa kina saa zake za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo, na kuna siku za kusubiri kabla ya kuvuna ambazo ni hesabu nyingine kabisa. Zisome zote mbili, uweke kamba na alama. Mgeni hajui ulipulizia lini.

Watakuja wengine siku ya pili saa nne asubuhi, wamesikia kuna kazi. Hapo ndipo hata wakulima waliojipanga vizuri huteleza: “Huyu ni mmoja tu, mpe ndoo.” Hapana. Fungua meza saa ya mapumziko ya mchana, andikisha kwa utaratibu uleule, aanze kesho asubuhi baada ya maelezo yake ya dakika 15. Wale watatu uliowaongeza mwanzoni ndio wa kuziba pengo la leo.

Ukiona siku ya tatu watu ni walewale na hakuna anayebishana mezani, umefanya vizuri.

Malipo yafanyike siku iliyotajwa kwenye tangazo, mkononi au kwenye simu ya mchumaji mwenyewe, si kupitia kwa mnyapara. Linganisha kikaratasi na daftari, asaini au aweke dole gumba. Vikipishana na hakuna anayeweza kueleza kwa nini, lipa ya kikaratasi, kisha ukamwulize karani wako.