Kifuko cha maji kwenye picha ya kichwa: hatua baada ya siti skani

Ndugu zangu, kazi yangu ni kupiga picha za mionzi hapa Tabora. Mimi si daktari wa ubongo. Ninachowaletea leo ni kile ninachokiona kila wiki mtu anapotoka chumbani kwetu na bahasha mkononi, halafu anarudi baada ya siku tatu amekonda kwa hofu.

Nitatumia kisa cha kijana mmoja wa bodaboda, mkazi wa Isevya, miaka 27, ambaye ameniruhusu nikisimulie. Kichwa kilimuuma miezi minne mfululizo, kama mtu aliyefungwa kamba kuzunguka paji la uso. Akapigwa siti skani. Ripoti ikasema kuna sisti ya araknoidi, yaani kifuko cha maji, upande wa kushoto, nyuma ya panja, yenye sentimita 2.1 kwa 1.6. Mjomba wake aliisoma kabla ya daktari. Neno "sisti" akalifanya "uvimbe", na uvimbe ukawa saratani kabla jua halijazama. Ndani ya wiki moja ukoo ulishakaa kikao, na mwenzake mmoja wa Urambo alikuwa tayari kuuza tumbaku yake kwa bei ya hasara ili apatikane nauli ya kwenda kupasuliwa.

Tuanze hapo.

Hatua ya 1: Uliza maswali matatu kuhusu kifuko

Ripoti huandikwa kwa Kiingereza na kwa lugha ya kitabibu. Usihangaike kuifasiri mwenyewe. Mpelekee daktari aliyekuandikia kipimo, umwulize: kiko wapi, ndani yake kuna nini, na kinasukuma chochote?

Kiko wapi. Ubongo umefunikwa na ngozi tatu nyembamba, na ya katikati ndiyo araknoidi. Kwa baadhi ya watu ngozi hiyo hugawanyika mtoto akiwa bado tumboni, ikaacha kifuko kinachojaa maji yale yale yanayouogesha ubongo siku zote. Kwa hiyo kifuko kinakaa nje ya nyama ya ubongo, na mara nyingi ni hapo hapo penye panja. Ukipiga picha watu wazima 100, mmoja au wawili watakuwa nacho, na wengi wao watazeeka bila kujua.

Ndani kuna nini. Mashine hupima namna kila kitu kinavyozuia mionzi na kukipa namba. Maji matupu ni 0. Maji ya ubongo huwa kati ya 0 na 15. Damu mbichi huwa kama 50 hadi 80. Kifuko cha kijana wetu kilikuwa 7, na ukuta wake haukuwa na unene wala chembe za chokaa. Hayo ni maji, basi.

Kinasukuma nini. Hapa daktari anatazama kama mstari wa katikati wa ubongo umehama na kama vyumba vya maji vimetanuka. Kwa kijana wetu vyote vilikuwa mahali pake. Kulikuwa na jambo dogo ambalo binafsi hulipenda: mfupa wa panja ulikuwa umebonyea kidogo kuelekea nje, mkabala na kifuko. Mfupa hauwezi kubonyea namna hiyo kwa miezi minne. Kifuko kilikuwepo tangu fuvu lilipokuwa laini, na kichwa kimeanza kuuma mwaka huu.

Hatua ya 2: Mwombe daktari akutazame macho

Hatua hii watu wengi huiruka kwa sababu haina mashine kubwa. Presha ikipanda ndani ya fuvu, mshipa wa fahamu unaoingia nyuma ya jicho huvimba, na mtaalamu wa macho huuona kwa kurunzi yake. Ukikuta mshipa umetulia, mtu anatembea vizuri, hatapiki asubuhi, hajawahi kuanguka kifafa, mkono na mguu vina nguvu sawa pande zote, basi kifuko kidogo cha panjani hakina ushahidi wa kushitakiwa nacho.

Kijana wetu alitazamwa macho na kupimwa presha ya damu. Vyote sawa.

Hatua ya 3: Rudi kwenye maumivu yenyewe

Kosa kubwa ninaloliona ni hili: kifuko kikishaonekana, kila mtu anasahau kutafuta kinachouma. Tulimpa kijana daftari la shule, akaandika kila siku kama kichwa kimeuma, saa ngapi, na amemeza nini. Mwezi ulipoisha tukahesabu. Alikuwa amemeza parasetamoli siku 22, nyingine vidonge vinne kwa siku, ananunua duka la dawa kijiweni kwake. Anaanza kazi saa kumi na moja alfajiri, anakunywa chai ya rangi tu mpaka saa nane mchana.

Dawa ya maumivu ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, yenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Kwa dawa zenye kodeini au tramadoli, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Kichwa kinauma, unameza, kinatulia, dawa ikiisha mwilini kinadai nyingine.

Daktari alimsimamisha parasetamoli na kumpa amitriptilini miligramu 10 usiku. Akaonywa mapema kwamba siku za mwanzo kichwa kitauma kuliko zamani, na kweli siku ya tatu alinipigia simu akilalamika kwamba tumemwongezea ugonjwa. Usipomwambia mtu jambo hili mapema, anarudi dukani. Wiki ya pili ikalegea. Mwezi wa tatu daftari lilikuwa na siku nne tu za maumivu. Kifuko kiko pale pale.

Hatua ya 4: Ufuatiliaji

Kwa mtu mzima mwenye kifuko kidogo, chenye maji matupu, kisichosukuma kitu na kisicho na dalili zake, mara nyingi hakuna picha nyingine inayohitajika. Vifuko hivi kwa watu wazima ni nadra sana kukua. Wapo madaktari wanaopenda picha moja ya kulinganisha baada ya miezi 6 hadi 12, nayo ni sawa. Kupiga kila miezi mitatu "kwa usalama" ni kujilipisha mionzi na pesa bure.

MRI ya Mwanza au Dar es Salaam ina kazi pale picha ya kwanza inapoacha swali: ukuta mnene, namba isiyolingana na maji, kifuko kilicho ndani ya nyama ya ubongo, au dalili zinazolingana na mahali kilipo. Hapo rufaa ya Bugando au MOI ina maana.

Tunza CD au filamu yenyewe pamoja na ripoti. Siku ukipigwa picha nyingine popote, daktari ataweka mbili pamoja na kujua kwa dakika moja kama kuna kilichobadilika.

Hatua ya 5: Kichwa kikigongwa

Kifuko cha panjani kinaweza, mara chache, kupasuka au kuvuja damu baada ya kichwa kugongwa. Damu yake si lazima itoke siku ile ile. Inaweza kujikusanya taratibu kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo ukigongwa, halafu maumivu yakaongezeka siku hadi siku, ukatapika, ukawa na usingizi usio wa kawaida au upande mmoja ukalegea, nenda hospitali na uwaambie una kifuko. Kijana wetu hakuvaa helmeti alipokuja mara ya kwanza. Sasa anavaa, na abiria wake pia ana ya kwake.

MASWALI YA WANACHAMA

*Habari daktari. Mwanangu ana miaka miwili na nusu, amekutwa na kifuko kama hicho. Nayo nisifuatilie?*

Mama, mimi si daktari, lakini hapa jibu ni tofauti. Kwa watoto wadogo, hasa chini ya miaka minne hivi, kifuko kinaweza kukua kwa sababu fuvu bado linakua. Mtoto apimwe mzunguko wa kichwa kila akienda kliniki na namba iandikwe kwenye kadi, na daktari wa watoto apange lini picha irudiwe. Kichwa kikikua haraka kuliko mstari wa kadi, au mtoto akitapika, akianza kuanguka au macho yake yakibaki kutazama chini, usisubiri tarehe.

*Mwalimu, mimi nimeambiwa nina vifuko vitatu vidogo ndani ya ubongo, kimoja kina kidoti katikati. Nilianguka kifafa Desemba. Jirani kasema ni hivyo hivyo, havina shida.*

Ndugu, hivyo si hivi ninavyovizungumzia. Vifuko vingi ndani ya nyama ya ubongo, kimojawapo kikiwa na kidoti katikati, pamoja na kifafa, lazima mtu afikirie minyoo tegu ya nguruwe. Hicho kidoti huwa ndicho kichwa cha mnyoo. Rudi hospitali wiki hii.

*Lakini mimi ni Mwislamu, sijawahi kuonja nguruwe maisha yangu yote. Na kama ni minyoo si ninunue albendazoli tu?*

Nimekuelewa, na swali hili huulizwa sana. Minyoo ya ubongo haitokani na kula nyama. Anayekula nyama isiyoiva hupata mnyoo tumboni. Mayai hutoka kwenye choo cha mtu huyo, yakafika kwenye maji, mboga au mikono ya mpishi, na yeyote anayeyameza anaweza kupata vifuko, awe anakula nguruwe au la. Na tafadhali usinunue dawa dukani. Minyoo ikifa ubongoni, sehemu ile huvimba, na kifafa kinaweza kuwa kikali kuliko mwanzo. Hospitali hutangulia kukupa dawa ya kuzuia uvimbe na ya kifafa.

*Kaka, ripoti yangu inasema kifuko kiko kwenye uwazi wa shavu, chini ya jicho. Nako ni ubongoni?*

Hapana dada. Huo ni uwazi wa hewa unaopakana na pua. Utando wake hutoa ute, na tezi ndogo ikiziba hutokea kifuko. Ni kawaida sana na mara nyingi hakihitaji dawa wala picha nyingine. Ukiwa na usaha unaotoka puani upande mmoja, damu, au shavu linavimba, muone daktari wa pua.

*Mimi nina sisti ya araknoidi kama ya huyo kijana. Nabeba ndoo ya lita 20 kichwani kila asubuhi kutoka bombani. Niache?*

Si kwa sababu ya kifuko. Uzito wa ndoo hushuka kwenye mfupa wa fuvu na shingo, haufiki kwenye maji ya ndani. Ila misuli ya shingo ikichoka, nayo huleta kichwa cha kubana kama kamba, kinachoanzia kisogoni. Jaribu wiki mbili kutumia madumu ya lita 10 mkononi, au mwambie kijana wa mkokoteni akusaidie, uandike kwenye daftari siku zinazouma. Zikipungua, tatizo lilikuwa shingoni.