Somo: Kusafisha orodha ya usajili bila kumfuta mtoto wa mtu

Somo hili ni la wanaopokea usajili wa mashindano ya watoto huku kwetu magharibi. Mfano nitakaoutumia ni mashindano ya chesi ya siku moja mjini Kisumu, yenye fomu ya mtandaoni inayoletwa na wazazi na walimu. Nimechagua chesi kwa sababu kosa la orodha huonekana pale pale. Mtoto aliyeandikwa mara mbili hupangiwa wapinzani wawili katika raundi moja. Mmoja wao atakaa mbele ya kiti kitupu na kupewa pointi ambayo hakuicheza, na kuanzia hapo mpangilio wa raundi zinazofuata umepotoka. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: mtoto ametoka Siaya kwa matatu ya alfajiri, ada imelipwa, jina lake halipo kwa sababu mtu aliliona "limerudiwa" akalifuta.

Ndiyo maana nasisitiza jambo moja kabla ya hatua zozote. Katika orodha ya watoto, baruapepe ni ya mzazi, simu ni ya mzazi, na jina la M-Pesa ni la mwenye laini. Vitu hivyo vitatu vinakuambia nani amesajili. Havikuambii nani amesajiliwa.

Hatua ya 1: Acha orodha ghafi kama ilivyo

Fungua jedwali la majibu katika Google Sheets, bofya kulia kwenye jina la karatasi chini, chagua Duplicate, kisha ipe nakala jina "kazi". Ya kwanza usiiguse tena. Katika nakala, ongeza safu ya namba ya mstari wa asili, ili hata ukipanga upya uweze kurudi kuangalia mzazi aliandika nini.

Tuseme safu zako ni hizi: B jina, C tarehe ya kuzaliwa, D simu, E baruapepe, F msimbo wa M-Pesa.

Hatua ya 2: Tengeneza safu za kulinganishia

Usirekebishe majina yenyewe kwanza. Tengeneza safu za pembeni ambazo kazi yake ni kulinganisha tu. Ya kwanza ni ya jina, weka katika G2:

```
=JOIN(" ",SORT(TRANSPOSE(SPLIT(SUBSTITUTE(LOWER(TRIM(B2)),"’","'")," "))))
```

Fomula hii inageuza herufi zote kuwa ndogo, inaondoa nafasi za ziada, kisha inapanga maneno ya jina kwa alfabeti. Hivyo "Brian Ochieng Ouma" na "OUMA BRIAN OCHIENG" yanakuwa kitu kimoja. Sehemu ya SUBSTITUTE iko pale kwa ajili ya majina kama Ong'ang'o na Nyang'au. Baadhi ya simu huandika alama iliyopinda, nyingine na kompyuta huandika iliyonyooka. Kwa macho ni sawa, kwa jedwali ni majina mawili tofauti.

Ya pili ni ya simu, weka katika H2:

```
=RIGHT(REGEXREPLACE(D2&"","[^0-9]",""),9)
```

Mzazi mmoja anaandika 07, mwingine anaanza na +254, na mara nyingi jedwali lenyewe humeza sifuri ya mbele kwa kudhani ni hesabu. Tarakimu 9 za mwisho ndizo zisizobadilika, iwe laini ni ya 07 au ya 01. Ukikuta mtu ameandika simu mbili ndani ya kisanduku kimoja, fomula itachukua ya mwisho tu, kwa hiyo pitisha jicho kwenye safu D uzitenganishe kwanza.

Kisha katika I2 weka kihesabio cha mistari inayofanana kwa jina na simu pamoja:

```
=COUNTIFS(G:G,G2,H:H,H2)
```

Vuta fomula zote hadi chini. Popote I inapoonyesha 2 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu huyo mmoja amesajiliwa tena.

Hatua ya 3: Panga kwa simu, kisha soma

Panga orodha nzima kwa H, halafu kwa G. Sasa kila familia, na kila mwalimu aliyeleta kikosi, iko mahali pamoja. Hapa hakuna fomula ya kukuokoa, inabidi usome. Na ni hapa majina ya kwetu yanapomtega asiyeyajua.

Kuna vifaa vya kutafuta "majina yanayokaribiana" ambavyo huchukua tofauti ya herufi moja kuwa kosa la kuandika. Kwa Wajaluo, herufi ile ya mwanzo ndiyo inayotofautisha mvulana na msichana: Ochieng na Achieng, Otieno na Atieno, Odongo na Adongo. Kwa Wabukusu ni Wekesa na Nekesa, Wafula na Nafula. Ukivuka kwenda kwa Wakalenjin utakuta Kibet na Chebet, Kiprono na Cherono. Kaka na dada waliozaliwa wote mchana wataitwa Ochieng na Achieng, chini ya simu moja na baruapepe moja ya mama yao. Mapacha nao watakuwa na tarehe moja ya kuzaliwa. Apiyo na Adongo wakikujia na kila kitu sawa isipokuwa jina, hao ni mapacha, wa kwanza na wa pili. Waache wote.

Angalia mfano huu. Majina ni ya kubuni, na mistari 4 ya kwanza ina simu moja na baruapepe moja:

```
1  Brian Ochieng Ouma    14/05/2012
2  OUMA BRIAN OCHIENG    14/05/2012
3  Brenda Achieng Ouma   09/11/2014
4  B. Achieng Ouma       11/09/2014
5  Brian Ochieng Ouma    22/01/2011   (simu nyingine)
```

Ukifuta kwa kufuata baruapepe, katika mistari 4 ya kwanza anabaki Brian peke yake na Brenda ametoweka. Ukifuta kwa kufuata jina tu, mstari wa 5 unaondoka, nao ni wa mvulana mwingine kabisa, mwenye tarehe nyingine na mzazi mwingine. Brian Ochieng wawili katika ukumbi mmoja Kisumu si jambo la ajabu.

Kihesabio kinaikamata mistari ya 1 na 2, na tarehe inathibitisha. Mstari wa 4 kinauacha, kwa sababu "B." si "Brenda". Mtu mwenye haraka angesema ni Brian aliyekosewa herufi, lakini tazama tarehe: 09/11 na 11/09 ni siku na mwezi vilivyobadilishana nafasi, mwaka ni ule ule. Dalili zinaelekea kwa Brenda. Dalili si jibu, kwa hiyo mstari huu unahitaji simu.

Hatua ya 4: Piga simu, na uulize swali lililo wazi

Usimuulize mama, "Huyu B. Achieng ni Brenda, sivyo?" Wengi watakujibu ndiyo ili wakuachilie uendelee na kazi. Uliza hivi: "Mama, umesajili watoto wangapi? Naomba unisomee majina yao kamili na tarehe zao za kuzaliwa." Akisema wawili, Brian na Brenda, na Brenda alizaliwa Novemba, umemaliza. Akisema watatu, umemwokoa mtoto.

Tahajia ya jina la cheti iulizie hapo hapo. Hellen ana haki ya kuwa na l mbili, na Brayan anaweza kuwa ndivyo cheti chake cha kuzaliwa kinavyosema. Usimrekebishie mtu jina kwa kuwa wewe umezoea kuliona kwa namna nyingine.

Hatua ya 5: Unganisha, usifute

Ongeza safu mbili: "Namba ya mtu" na "Hali". Kila mtoto apate namba yake, M001, M002 na kuendelea. Mistari ya 1 na 2 yote inapata M001, lakini mmoja tu una hali "Hai". Mwingine unaandikwa "Umeunganishwa". Kabla ya kuuweka kando, hamisha yaliyomo ambayo mwenzake hana. Mara nyingi mzazi alijaza fomu, akaenda kulipa, akarudi kuijaza upya akiwa na msimbo wa M-Pesa, na hivyo malipo yako kwenye mstari wa pili tu. Ikiwa nafasi ni chache, heshimu muda wa mstari wa kwanza. Ikiwa kundi la umri au shule imebadilika, fuata wa mwisho.

Malizia kwa hesabu. Mistari yote ghafi lazima iwe sawa na walio hai, jumlisha waliounganishwa, jumlisha waliojitoa. Katika mfano wetu ni 5 kwa 3 na 2. Ikipungua hata mmoja, kuna mtu amepotea njiani, na safu ya namba ya mstari wa asili itakuonyesha ni nani.

Maswali ya wanachama

Nafula, Bungoma: Asante kwa somo. Lakini kuna Remove duplicates ndani ya Data, Data cleanup. Kwa nini nisiitumie tu, niokoe muda?

Jibu: Dada Nafula, itumie pale ambapo mistari inafanana kila kitu isipokuwa muda wa kujaza, yaani mtu aliyebofya mara mbili. Zaidi ya hapo, kumbuka inabakiza mstari wa kwanza na kuondoa unaofuata bila kuangalia ndani yake. Ule mstari wenye malipo ndio unaoondoka.

Mwalimu Kipruto, Nakuru: Mimi husajili wanafunzi wote wa shule kwa baruapepe yangu. Mfumo wa tiketi unakataa anwani moja kwa zaidi ya mtu mmoja. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, kama anwani yako ni ya Gmail, waandaaji wanaweza kuongeza alama ya kujumlisha na namba ya mtoto kabla ya @, kwa mfano jina+M014@gmail.com. Barua zote zitafika kwako. Baadhi ya mifumo huikataa alama hiyo, basi jaribu na mmoja kwanza. Mimi napenda zaidi kumtumia mwalimu barua moja yenye orodha ya watoto wake wote na namba zao, kisha mezani tuulizie namba.

Otieno, Kisumu: Mzazi hapokei simu na mashindano ni kesho. Nimuweke mtoto mara mbili au mara moja?

Jibu: Ndugu Otieno, bakiza mistari yote miwili kwenye orodha ya mezani, wa pili ukiwa na hali "Shaka". Kwenye mpangilio wa raundi ya kwanza ingiza wale tu waliofika na kuripoti. Wakija wawili, wote wanacheza. Akija mmoja, wa pili haujaingia popote.

Mama Adhiambo, Homa Bay: Tukimaliza, tunaweza kuiweka orodha kwenye grupu la wazazi wajihakikishie?

Jibu: Mama, weka jina, namba ya mtoto na kundi la umri. Simu, baruapepe na tarehe kamili za kuzaliwa ziondoe. Hizo ni taarifa binafsi za watoto, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kuzitumia. Usitume kiungo cha jedwali lenyewe hata kama umezificha safu, kwa sababu anayetengeneza nakala yake anaweza kuzifichua. Nakili safu hizo tatu kwenye faili jipya, utume hilo.